Tuko digrii 6.8 kusini: maswali yenu ya roketi na obiti

Wiki iliyopita niligusia kidogo habari ya roketi kuruka kuelekea mashariki, nikadhani yameisha, kumbe ndo nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja nyingi, nimechukua zinazofuatana ili tusirukeruke. Mwenye kalkuleta kwenye simu aiweke karibu, kuna sehemu tutaihitaji.

Mwalimu shikamoo. Kila video ya roketi nikiangalia, ikishapaa kidogo inaanza kulala upande, halafu watu wanapiga makofi. Mimi naona kama inaanguka. Mbona isiende juu moja kwa moja? (Mwanafunzi, Tandika)

Marahaba mwanangu. Inalala kwa makusudi, kwa sababu kwenda juu ndo sehemu rahisi ya safari. Ukirusha kitu juu kilomita 200 halafu basi, kitafika na kitarudi kukuangukia, kama jiwe. Ili kibaki huko kinatakiwa kikimbie kwa pembeni, kwa spidi ya kama kilomita 7.8 kwa sekunde, yaani kila kikivutwa chini kinakuta dunia nayo imeshajikunja chini yake, kinaendelea kuanguka bila kufika. Hiyo ndo obiti. Kwa hiyo kazi kubwa ya mafuta yote yale ni kutafuta spidi ya pembeni.

Sasa mashariki inaingia hapa. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na pale ikweta ardhi inakwenda mita 465 kwa sekunde. Hapa Dar, tuko latitudo digrii 6.8 kusini, inakuwa kama mita 462, tofauti hata haionekani. Umeshamuona konda anavyoshuka daladala haijasimama? Anaangalia mbele, anakimbia na gari hatua tatu nne ndo anasimama, kwa sababu mwili wake ulikuwa na spidi ya gari hata kabla hajagusa lami. Akishuka anaangalia nyuma anakula mweleka. Roketi iliyosimama Dar bado haijawashwa, tayari ina mita 462 za kwenda mashariki mfukoni. Ikielekea mashariki inatafuta 7,338 zilizobaki. Ikielekea magharibi inabidi kwanza izifute hizo 462 halafu itafute 7,800 zake, jumla 8,262. Tofauti ya njia mbili hizo ni mita 924 kwa sekunde, na kwenye roketi hiyo ni tani na tani za mafuta.

Kama ardhi inakwenda mbio hivyo, nikiruka juu hapa Kariakoo mbona sidondokei Ubungo? (Msomaji, Kariakoo)

Kwa sababu na wewe una spidi hiyohiyo, na hewa inayokuzunguka pia. Ni yule konda yule. Ila hesabu yako nayo ina kasoro: ukiruka unakaa hewani kama nusu sekunde, kwa hiyo hata kama ardhi ingekuacha ungetua mita 230 hivi upande wa magharibi, Jangwani penyewe hujafika.

Mwalimu mi naona hii faida ya ikweta inakuzwa. Mita 460 kwenye 7,800 ni kama asilimia 6, na Wamarekani wako mbali na ikweta na wanarusha kila siku. Au kuna kingine? (Fundi umeme, Mbezi)

Fundi umegonga penyewe, na wengi wanaoeleza hii habari wanaishia kwenye spidi tu. Cape Canaveral, Florida, iko latitudo 28.5 kaskazini, ardhi yake inakwenda mita 409 kwa sekunde hivi. Sisi 462. Wanachopungukiwa kwetu ni mita 53 tu, hiyo haimnyimi mtu usingizi. Kinachouma ni kingine: mwinamo wa obiti.

Chukua chungwa, lile ambalo muuzaji ameshakumenyea kwa mzunguko. Vuta rababendi uizungushe chungwa zima kwa namna ya kwamba inaligawa nusu kwa nusu. Unaweza kuiweka katikati kabisa, hiyo ni ikweta, unaweza kuiinamisha, lakini mradi inagawa chungwa nusu sawasawa. Obiti ni hivyohivyo, lazima bapa lake lipite katikati ya dunia, kwa sababu huko katikati ndo mvuto unakoelekea. Ile pembe kati ya rababendi na ikweta ndo tunaita mwinamo. Sasa weka doa la kalamu kwenye chungwa, mahali pa Florida, ujaribu kuweka rababendi ipite kwenye doa lako na bado iwe imelala ikweta kabisa. Haiwezekani. Mwinamo mdogo kabisa unaopata ni ule ambao doa linakuwa kilele cha rababendi, na mwinamo huo ni sawa na latitudo yako. Unaruka kutoka digrii 28.5, ukielekea mashariki barabara unapata obiti ya 28.5. Ukielekea upande mwingine wowote mwinamo unaongezeka, haupungui.

Na kuinamua obiti ukiwa huko juu ni gharama ya ajabu, kwa sababu hauongezi spidi, unageuza spidi uliyonayo. Kitu kinachokwenda 7.8 kukigeuza digrii 28.5 kunataka kilomita 3.8 kwa sekunde, karibu nusu ya spidi yote uliyohangaika kuipata. Hakuna anayefanya hivyo. Wanachofanya ni kusubiri setilaiti ifike mbali ambako inakwenda polepole, kama bodaboda anayepunguza mwendo ndo akate kona.

Setilaiti ya TV inakwenda kukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, mwinamo sifuri. Inapelekwa kwa obiti ndefu ya yai, na ikifika kule kileleni spidi yake imeshuka hadi kama kilomita 1.6 kwa sekunde. Hapo ndo inawasha injini yake, inaongeza spidi na kunyoosha mwinamo kwa pamoja. Iliyotoka Kourou, Guyana ya Wafaransa, latitudo 5, inatumia kama kilomita 1.5 kwa sekunde. Iliyotoka Florida inatumia kama 1.8. Utasema pointi tatu tu! Haya, chukua setilaiti ya tani 5 yenye injini ya kawaida ya kemikali. Ya Kourou inamaliza kazi hiyo imebaki na kilo 3,080 hivi, ya Florida kama 2,800. Karibu kilo 300 zimeungua kwa ajili ya latitudo tu. Na setilaiti ikishakaa kwenye nafasi yake inahitaji kama mita 50 kwa sekunde kila mwaka kujirekebisha isipotee, kwa hiyo hizo pointi tatu, yaani mita 300 kwa sekunde, ni kama miaka sita ya kufanya kazi.

Baikonur ya Kazakhstan iko karibu digrii 46, huko hali ni mbaya zaidi, ndo maana roketi zao za kwenda obiti hii zinabeba hatua ya ziada, yaani kipande cha juu chenye injini yake, kwa kazi hiyo. Wamarekani wao wanafidia kwa roketi kubwa. Inawezekana, lakini ankara unailipa.

Sasa hiyo setilaiti ya TV kwa nini wasiisimamishe juu ya Dar yenyewe, dish zote tukaelekeza juu tu? (Mama lishe, Temeke)

Dada yangu, rababendi ile. Obiti inayokaa kusini tu, juu ya Dar muda wote, haitapita katikati ya dunia, kwa hiyo haipo. Kitu cha juu ya Dar lazima kivuke ikweta kiende na kaskazini. Mahali pekee ambapo setilaiti inaonekana imesimama ni juu ya ikweta, na ikweta kwetu iko kaskazini. Toka nje uangalie mapaa ya jirani: dish nyingine zimeelekea zaidi magharibi, nyingine mashariki, nyingine karibu zinatazama utosini, lakini ya setilaiti iliyosimama hautaikuta Dar nzima inayoangalia kusini. Ukiikuta, imesukumwa na upepo.

Na hata huko ikweta mwinamo haukai sifuri wenyewe. Mwezi na jua zinaivuta setilaiti, mwinamo unaongezeka karibu digrii moja kasoro kila mwaka, na zile mita 50 nilizosema sehemu kubwa inaliwa hapo. Mafuta yakianza kuisha wenye setilaiti wanaacha kupigana na mwinamo ili wabakize ya kazi nyingine. Hapo setilaiti inaanza kuchora namba nane angani, mara moja kwa siku, inapanda kaskazini inashuka kusini. Unaigundua kwa signo: inakuwa nzuri saa fulani, inafifia, halafu inarudi, na kesho yake hivyohivyo karibu saa zilezile. Mawingu hayana ratiba hiyo. Dish ndogo ya nyumbani haiwezi kuifuata, ndo maana setilaiti za uzeeni wanabaki nazo wenye dish kubwa zenye mota.

Eti Malindi kuliwahi kurushwa roketi, au ni stori za kijiweni? (Mdau, Kigamboni)

Kweli tupu. Waitaliano waliweka majukwaa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kama yale ya kuchimbia mafuta, wakawa wanarusha roketi ndogo za Kimarekani zinaitwa Scout. Walianza kupeleka setilaiti obiti mwaka 1967, ya mwisho ilikwenda 1988. Mahali penyewe ni latitudo 3 kusini, karibu na ikweta kuliko Kourou.

Iliyo maarufu ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, na ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa ya NASA, setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta nyota zinazotoa eksirei. Na Malindi hawakuifuata kwa ajili ya fukwe. Kuna eneo juu ya Brazili na Atlantiki ya kusini ambako chembe za mnururisho zinashuka chini sana, na vifaa vya kupima eksirei vikipita pale vinapata makelele matupu. Obiti yenye mwinamo wa digrii 3 hivi inalikwepa eneo hilo karibu lote. Kutoka Florida, kwa roketi ndogo kama Scout, mwinamo huo ungeusikia redioni. Kwa hiyo hapo latitudo haikuwa suala la kubana mafuta, ndo iliyoamua kama kazi inafanyika au haifanyiki.

Sasa mbona Taifa-1 ya Kenya imerushwa Marekani na sio hapo hapo Malindi? (Mdau huyohuyo)

Wewe unanifuata. Ilirushwa Aprili 2023 kutoka Vandenberg, California, ikiwa imepakiana na setilaiti nyingine nyingi kwenye roketi moja, kama Noah ya Mbagala. Ukiacha kwamba Malindi haina roketi siku hizi, hata ingekuwa nayo, kwa kazi hii ikweta haisaidii. Taifa-1 inapiga picha za ardhi, na setilaiti za picha zinataka kupita kila mahali saa ileile ya jua, ili kivuli cha leo na cha mwezi ujao vilingane. Obiti ya hivyo inapita karibu na ncha za dunia, mwinamo wake digrii 97 au 98, yaani imepitiliza wima kidogo ikaelekea magharibi. Zile mita 460 za bure zinageuka mzigo, inabidi uzifute. Wa latitudo za juu anafuta chache kuliko sisi. Vandenberg wanapenda kwa sababu kusini yake ni bahari tupu.

Bahari ndo inaamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Israeli ina mashariki kama wengine wote, lakini mashariki yake kuna majirani, kwa hiyo tangu 1988 wanarusha setilaiti zao magharibi juu ya Mediterania, dhidi ya mzunguko wa dunia, na wanakubali kubeba setilaiti nyepesi. Sijui kama kuna mfano mzuri zaidi wa kuonyesha kwamba mashariki ni upendeleo, sio sheria.

Mwelekeo ukikosewa digrii chache wakati wa kuruka inakuwaje? Inarekebishika? (Mwanachuo, Mlimani)

Kalkuleta sasa. Fomula ni fupi:

```
cos(mwinamo) = cos(latitudo) × sin(mwelekeo)
```

Mwelekeo unahesabiwa kutoka kaskazini kwa kuzunguka kulia, kwa hiyo mashariki barabara ni 90. Ni makadirio mazuri, japo wenyewe wanaongeza marekebisho ya mzunguko wa dunia.

Tarehe 25 Januari 2018 Ariane 5 iliruka kutoka Kourou na setilaiti mbili za mawasiliano. Ikapaa vizuri, injini zote safi, kwenye skrini kila kitu kijani. Baada ya dakika 9 na sekunde 26 kituo cha ardhini kilichotakiwa kuipokea kikakuta kimya. Roketi haikuharibika, haikuwepo tu pale antena zilipokuwa zinaangalia. Uchunguzi ukakuta vifaa vya ndani vinavyoiambia roketi kaskazini iko wapi vilipewa namba ya kawaida, 90, wakati safari ile ilikuwa na mahitaji yake maalumu na namba ilitakiwa iwe 70. Kila siku wanaandika 90, mkono umezoea. Roketi ikafuata njia yake kwa uaminifu kabisa, ila njia nzima imegeuka digrii 20 kwenda kusini, ikapita karibu na mji kuliko ilivyopangwa.

Weka kwenye fomula. Latitudo 5.2, na tuseme mwelekeo wa kuruka, sio ile namba ya vifaa, uligeuka kutoka 90 ukawa 110. Cos ya 5.2 ni 0.9959, sin ya 110 ni 0.9397, zidisha unapata 0.9358, tafuta pembe yake: digrii 20.6. Na mwinamo uliokutwa kweli ulikuwa karibu 20.6, wakati walitaka mdogo sana. Mi mara ya kwanza kupiga hesabu hii nilirudia mara mbili kwa jinsi ilivyokubali. Kwa hiyo kuwa ikweta hakukuokoi, ukikosea mwelekeo umejipeleka mwenyewe karibu na hali ya Florida.

Ilirekebishika. Setilaiti zote mbili zilikuwa nzima, zikafika zilikokuwa zinakwenda kwa injini zao wenyewe, moja ilikuwa na injini za umeme zinazokula mafuta kidogo mno ikachelewa kama wiki nne tu. Kimo kilikuwa karibu sawa, kilichoharibika ni mwinamo, na mwinamo kule juu kwenye spidi ndogo unanyooka. Kosa kama hilo kwa setilaiti ya obiti ya chini ungehamia ukurasa wa bima.

Kwa hiyo Mwalimu, sisi Kigamboni tunaweza? Bahari tunayo, ikweta iko jirani. (Kijana wa Kibada)

Kwa fizikia tu, ukielekea mashariki barabara unapata mwinamo wa 6.8, hiyo ni karibu kabisa na Kourou. Mbele yako ni bahari mpaka visiwa vya mbali vya Shelisheli, na hatua ya kwanza inayodondoka ina mahali pa kudondokea, ukishamalizana na meli zinazosubiri kuingia bandarini, majahazi na wavuvi wa usiku. Hapo sawa.

Shida inaanza mteja akitaka mwinamo mwingine. Tuseme anataka kufika kituo cha anga cha kimataifa, mwinamo 51.6. Fomula inakupa njia mbili: mwelekeo wa 39 hivi, kaskazini-mashariki, au 141, kusini-mashariki. Nimechukua ramani na rula. Njia ya kwanza inapita karibu kabisa na Makunduchi, halafu inaambaa na pwani ya Somalia karibu yote. Ya pili inapita mashariki ya Mafia, inakwenda kuikuta Ngazidja, na mbele yake Bukini. Hakuna nchi itakayokubali udondoshe matangi ya roketi kwenye minazi yao.

Mi ningehamia Mafia, upande wa mashariki wa kisiwa. Kutoka kule njia ya kaskazini-mashariki inaiacha Unguja mbali na Somalia inabaki kushoto vizuri, na mwinamo wako mdogo ni digrii 7.8, umepoteza digrii moja tu. Ila kule kuna hifadhi ya bahari na papa potwe wanaoleta watalii, hapo sasa mnaanza kubishana mambo ambayo fomula yangu haiyajui.